Anaongea Kiswahili, simu yake ina Kiingereza

Tuchukue duka la keki lililoko Upanga, Dar es Salaam. Wateja wake ni wa aina mbili. Wapo walioko mjini wanaoagiza leo wale kesho, na wapo walioko Muscat, London au Minneapolis wanaolipia keki iende kwa mama Kinondoni siku ya kuzaliwa kwake. Mwenye duka anafungua Ads Manager ya Facebook na Instagram, na kabla hajapandisha picha anakutana na maswali mawili: tangazo lionekane wapi, na lionekane kwa watu wa lugha gani. Anaandika Tanzania, Oman, Uingereza na Marekani kwenye tangazo moja, kwenye lugha anachagua Kiswahili, kisha anabonyeza kuchapisha. Ni uamuzi unaoonekana wa busara kabisa, na ndio unaomla hela.

Tuanze na lugha. Mfumo hausikii mtu anavyoongea na wenzake kibarazani. Kwa kiasi kikubwa unatazama lugha aliyoiweka kwenye akaunti na kwenye simu yake. Facebook ina Kiswahili tangu 2009, lakini ukiwaomba simu watu kumi kwenye daladala ya Mwenge, nyingi utazikuta na menyu za Kiingereza, kwa sababu zilitoka dukani hivyo na mwenyewe kashazizoea. Mtu huyo anachati kwa Kiswahili kutwa nzima, na maneno ya menyu anayatambua kwa mahali yalipokaa tu. Ukichuja kwa Kiswahili, yeye anabaki nje.

Jambo hili unaweza kulipima kabla hujalipa hata senti. Chagua Dar es Salaam, acha sehemu ya lugha wazi, kisha tazama makadirio ya ukubwa wa hadhira upande wa kulia. Sasa ongeza Kiswahili, utazame tena. Namba inaposhuka sana, wale waliotoweka si wageni wasiojua Kiswahili, ni majirani zako. Maelezo ya Meta yenyewe yanashauri sehemu hiyo iachwe wazi, isipokuwa unatafuta watu wa lugha isiyo ya kawaida mahali ulipopachagua. Kiswahili ndicho lugha ya Dar, kwa hiyo hapa hakuna cha kuchuja. Andika tangazo lenyewe kwa Kiswahili kizuri. Asiyekielewa atalipita, na anayekielewa atasimama hata kama simu yake ina Kiingereza.

Ng'ambo ushauri huohuo unageuka. Uingereza nzima bila kichujio ni mamilioni ya watu wasiojua Kinondoni iko wapi, na Kiswahili huko si lugha ya kawaida, kwa hiyo kichujio kina kazi. Ila kina mapungufu mawili. La kwanza ni lile la simu, tena huko limezidi. Muscat zipo familia zilizotoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964 ambazo Kiswahili ni lugha ya nyumbani mpaka leo, lakini simu zao zina Kiarabu au Kiingereza. La pili ni kwamba lugha na nyumbani ni mambo mawili. Ukichuja Kiswahili Marekani utawapata pia Wakenya, na Wakongo waliotoka Kivu, ambao ni Waswahili wa lugha kamili lakini hawana mama wa kupelekewa keki Dar es Salaam. Kwa msanii au mchapishaji wa vitabu watu hao ni hadhira halali, na asiwaache. Kwa duka la Upanga ni kubonyezwa bila kuuziwa.

Kwa hiyo mwenye duka akitumia kichujio cha Kiswahili ng'ambo, akijue kuwa ni wavu mdogo, aweke na wavu mwingine pembeni: orodha ya wateja wa nje waliowahi kununua, na watu waliowahi kuandikia ukurasa wake wakiwa nje. Ukianza na hao, unaanza na watu ambao uhusiano wao na Dar umeshathibitika.

Hapo pana mtego wa maneno. Wengi hukimbilia kuandika, "Wewe Mtanzania uliyeko London, mkumbuke mama!" Kanuni za Meta zinakataza tangazo kumwambia msomaji asili yake, kana kwamba mfumo unamjua yeye ni nani, na tangazo la namna hiyo linaweza kukataliwa. Isemee huduma: "Tunapeleka keki Dar es Salaam. Lipa ukiwa popote duniani." Aliye na mama Kinondoni anajitambua mwenyewe.

Sasa mahali. Kosa kubwa la tangazo letu la kwanza ni kuchanganya nchi zote kwenye kapu moja. Mfumo unatafuta matokeo ya bei nafuu, na kwa kawaida kumfikia mtu Tanzania ni rahisi kuliko kumfikia aliyeko London. Bajeti itaelekea Tanzania karibu yote, na mwenye duka atahitimisha kwamba diaspora hawanunui, ilhali hawakuliona tangazo. Fungua sehemu ya Breakdown kwenye ripoti, chagua Country, utaona fedha ziliishia wapi. Dawa yake ni kutenganisha: Dar ipate bajeti yake, Oman yake, Uingereza na Marekani zao. Saa nazo zinatofautiana. Muscat iko mbele ya Dar kwa saa moja tu, lakini Minneapolis iko nyuma kwa saa nane au tisa kutegemea msimu, kwa hiyo mteja akiandika jioni ya kwake, huku ni usiku wa manane. Pasipokuwa na mtu wa kujibu, tangazo la saa hizo halina maana.

Ndani ya jiji, shida ni duara. Ukibandika pini Upanga na kuchora duara la kilomita tano, duara hilo linavuka maji na kuingia Kigamboni, maana kwenye ramani ni ng'ambo tu ya mkondo. Bodaboda mwenye keki hapiti angani. Atasubiri pantoni Magogoni, au azunguke kwa daraja lililofunguliwa 2016 kule Kurasini. Ama bei ya Kigamboni iwe yake na iandikwe kwenye tangazo, ama pini nyingine ibandikwe huko kwa ajili ya kuutoa upande huo. Na usishangae ukipokea ujumbe kutoka Morogoro wakati umelenga Dar. Mahali pa simu pakikisiwa kwa njia ya mtandao, mtu wa mkoani anaweza kuhesabiwa kuwa yuko jijini.

Kwenye Google kuna chaguo linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi. Ukichagua Tanzania, mfumo wenyewe unakuwekea "Presence or interest", yaani watu walioko Tanzania pamoja na wanaoonyesha kuhitaji kitu cha Tanzania. Kwa kampeni ya wateja wa mjini hilo ni kuvuja, na inafaa kubadili kuwa "Presence". Lakini kwa wateja wa ng'ambo ndilo lenye manufaa, kwa sababu mtu aliyeko Leicester akitafuta "keki Dar es Salaam" ameshajieleza kwa alichokiandika, bila ya wewe kubahatisha simu yake ina lugha gani. Hapo weka maneno ya utafutaji ya Kiswahili na ya Kiingereza pia, maana mtu huyohuyo anaweza kuandika "cake delivery Dar es Salaam" asubuhi na "keki ya birthday Kinondoni" jioni.

Mwisho wa mwezi mibonyezo isikudanganye. Kwenye fomu ya oda weka maswali mawili, anayelipa yuko wapi na keki inakwenda mtaa gani, halafu majibu yake uyalinganishe na ile ripoti ya Country. Nchi iliyokula bajeti bila kuleta oda hata moja, kabla hujaifunga, angalia kwanza kama sehemu yake ya lugha uliiwekea kichujio.