KORONGO HANGOJI: Jinsi kamera inavyomwandama ndege angani, kutoka Bungoma hadi Kitale

Wapiga picha wengi wanaoanza kuwafuata ndege hudhani ya kwamba siri imo katika mbio za kamera. Hununua kamera iwezayo kupiga picha 10 au 20 kwa sekunde moja, wakabonyeza kitufe ikalia tatata kama cherehani, kisha wakaketi kuchambua. Picha 60 zimepatikana, na zote 60 ni ukungu. Waama, mfululizo wa picha hautengenezi kitu. Kazi yake ni kurudia kile ambacho fokasi imeupa. Fokasi ikikosea, mfululizo hulirudia kosa lile lile mara 60.

Hebu basi na tulitazame jambo hili mahali ambapo ndege wenyewe wapo. Tutakwenda magharibi ya Kenya, kwanza Bungoma, kisha tupande Kitale. Huko wako ndege wawili wanaofaa kuwa walimu wetu: mwewe wa mjini, na korongo taji wa kinamasi cha Saiwa.

MWEWE WA BUNGOMA

Mwewe hahitaji kutambulishwa kwa mtu wa pwani, maana huku pia hunyakua samaki kwenye masinia. Mjini Bungoma huzunguka juu ya masoko na mabucha, akikunja mkia wake wenye panda kama msukani wa chombo. Uzuri wake kwa mwanafunzi ni kwamba nyuma yake pana mbingu tupu. Kamera haina kitu kingine cha kushika ila yeye.

Jambo la kwanza ni kuitoa kamera katika fokasi ya mara moja. Fokasi hiyo, iandikwayo AF-S katika Nikon na Sony, na ONE SHOT katika Canon, hupima umbali mara moja ikafunga. Yafaa kwa bwana harusi aliyeketi kitini. Kwa mwewe haifai, maana hata kabla kidole hakijamaliza kubonyeza, yeye keshahama. Itakiwayo ni fokasi ya kuandama: AF-C katika Nikon na Sony, AI SERVO katika Canon za zamani, na Servo AF katika Canon mpya.

Fokasi ya kuandama haimfuati ndege kwa nyuma, bali hubashiri. Kamera hupima umbali, ikapima tena na tena, ikajua ndege anakaribia au anajitenga, na kwa kasi gani. Kisha huipeleka lenzi pale ndege atakapokuwapo wakati shata inafunguka. Ni sawa na mchezaji wa kandanda ampaye pasi mwenzake anayekimbia. Haupigi mpira alipo mwenzake, huupiga mbele yake.

Hapa ndipo ilipo hatua ambayo wengi huiruka. Ili kamera ibashiri, lazima kwanza ipewe nafasi ya kupima. Mwekee mwewe nukta ya fokasi, ubonyeze kitufe nusu, umfuate kwa kuzungusha kiuno na mabega pamoja na lenzi kwa muda wa sekunde moja nzima, ndipo ubonyeze mpaka mwisho. Anayebonyeza moja kwa moja huiagiza kamera ipige pasi kabla haijamwona anayekimbia.

Kasi ya shata na iwe 1/2000 ya sekunde. Mwewe akipita mbele yako kwa mwendo wa mita 12 kwa sekunde, katika 1/2000 atasogea milimita 6 tu. Ukiiacha shata kwenye 1/250 atasogea milimita 48, na hapo hata fokasi iwe sahihi namna gani, picha itakuwa imefutika.

KORONGO WA SAIWA

Mwanafunzi akishamweza mwewe, na apande Kitale. Kando ya barabara iendayo Kapenguria iko Hifadhi ya Taifa ya Saiwa, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, yule swala wa majini. Ndiyo hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini Kenya, takriban kilometa 3 za mraba. Magari hayaingii ndani. Watu hutembea kwa miguu na kupanda majukwaa ya mbao yanayotazama kinamasi. Humo na katika mashamba ya jirani huishi korongo taji, ndege mrefu wa kama mita moja, mwenye kishungi cha dhahabu kichwani. Uganda wamemfanya nembo ya taifa lao. Tangu mwaka 2012 amewekwa katika orodha ya dunia ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka.

Hapa mambo hubadilika. Nyuma ya korongo hakuna mbingu, kuna ukuta wa mafunjo na miti. Mafunjo yana mistari mikali ya wima, na fokasi ya kamera hupenda mistari kuliko inavyopenda manyoya laini ya kijivu. Nukta ikimponyoka korongo kidogo tu, kamera huyashika mafunjo, ikaridhika.

Dawa yake ni kuifanya kamera iwe na subira. Ndani ya menyu uko mpango unaoamua kamera ingoje muda gani kabla ya kumwacha ndege na kushika kitu kingine. Lakini jihadhari, kwa maana watengenezaji hawakuafikiana hesabu zao. Katika Nikon huitwa Focus tracking with lock-on, na 5 ndiyo subira kubwa. Katika Sony huitwa AF Track Sens, na huko 5 ndiyo papara kubwa. Subira iko kwenye 1. Katika Canon huitwa Tracking sensitivity, na subira iko upande wa kutoa, yaani -1 au -2. Anayehama kutoka kamera moja hadi nyingine akabeba namba ya zamani hupata kinyume cha alichotaka.

Pamoja na subira, punguza nukta. Kwa mwewe wa mbingu tupu unaweza kuwasha eneo pana la nukta nyingi. Kwa korongo aliye mbele ya mafunjo, tumia nukta moja yenye jirani zake chache, uiweke penye shingo na kifua, wala si penye ncha ya bawa. Kamera mpya zenye kulitambua jicho la ndege hupunguza kazi hii sana, ila nazo hupotea ndege akiwa mdogo ndani ya picha au kichwa kikiwa nyuma ya majani.

HESABU YA ASUBUHI MOJA

Tuchukue mfano. Ni saa 12 na nusu asubuhi, jua linachomoza, na korongo wawili wanatoka walikolala kwenda mashambani. Ndege wakubwa huruka wakiukabili upepo, kwa hiyo mpiga picha amesimama upepo ukimpiga mgongoni. Nahodha ye yote ataielewa hesabu hiyo: ndege watainuka wakija upande wake.

Ana lenzi ya milimita 400 iliyofunguliwa f/5.6, na kamera ya kipimo kidogo ipigayo picha 10 kwa sekunde. Korongo akiwa mita 30, ule mkanda ambao ndani yake mambo huonekana wazi una upana wa mita 1 na robo hivi, mbele na nyuma zikijumlishwa. Ndege akija moja kwa moja kwa mita 12 kwa sekunde, baina ya picha moja na ya pili amesogea mita 1 na sentimita 20. Maana yake, kati ya picha mbili tu ameuvuka karibu mkanda mzima. Kila picha inataka ubashiri mpya.

Lakini korongo yule yule akiwa mita 60, mkanda unafika karibu mita 5. Na akipita ubavuni badala ya kuja usoni, umbali wake haubadiliki sana, na kazi ya fokasi inakuwa nyepesi. Ndiyo sababu mjuzi huanza kumwandama angali mbali, akiwa na nafasi ya kukosea, ili anapofika mita 30 kamera iwe imeshaujua mwendo wake.

Na mfululizo je? Hapa una faida yake. Korongo hupandisha bawa upesi kuliko anavyolishusha, na jicho la mtu haliwezi kuchagua ni lini mabawa yako juu kabisa. Mfululizo wa nusu sekunde, picha 5, humpa mpiga picha nafasi ya kuchagua. Hauna haja ya kuzidi sekunde moja, kwa maana kamera huziweka picha katika ghala dogo la ndani kabla ya kuzihamishia kwenye kadi. Ghala la picha 20 hujaa kwa sekunde 2. Utajua limejaa pale mlio wa tatata unapogeuka kuwa ta… ta… ta, na aghalabu hapo ndipo korongo anapokunja mabawa kwa uzuri. Piga kidogo, endelea kumwandama kwa nusu kitufe, kisha piga tena.

KUUSOMA MFULULIZO

Ukirudi nyumbani usizitazame picha moja moja. Zitazame kwa safu, kama mtu asomaye barua. Picha za mwanzo zikiwa na ukungu na za mwisho zikiwa wazi, ulibonyeza kabla kamera haijapima. Za mwanzo zikiwa wazi, kisha ndege akafifia na mafunjo ya nyuma yakang'aa, nukta ilimponyoka au subira ilikuwa ndogo. Jicho likiwa wazi na ncha za mabawa zimefutika, fokasi haina lawama. Shata ndiyo iliyokuwa ya polepole. Na ikiwa hakuna kitu cho chote kilicho wazi, si ndege wala mafunjo, huenda mkono ulitikisika au fokasi haikushika kabisa.

Limebaki neno moja, nalo ni la haki ya ndege. Wako wanaopiga makofi au kurusha jiwe ili korongo aruke, wapate mfululizo wao. Korongo taji hutaga ndani ya kinamasi, juu ya kichuguu cha majani. Akitishwa akaondoka, mayai hubaki wazi kwa kunguru na baridi ya asubuhi, na Kitale, iliyo karibu mita 1,900 juu ya bahari, asubuhi yake si kama ya Mombasa. Tena picha ya ndege aliyetishwa hujulikana: mkia umeelekea kamera, shingo imegeuka, na ndege anajitenga. Picha ya korongo ajaye usoni hupatikana kwa mtu aliyeujua upepo, akafika kabla ya jua, na akaiweka kamera yake tayari mapema.