Pikapu Iliyouzwa Agosti Bado Inachakaa Desemba

Jedwali la mali za kudumu ni faili ambalo kampuni nyingi hulifungua mara moja tu kwa mwaka, wakati wa kufunga hesabu. Kila mali ina mstari wake: jina, tarehe ya kununuliwa, gharama, kiwango cha uchakavu, uchakavu uliolimbikizwa mpaka mwaka jana, uchakavu wa mwaka huu, na thamani iliyobaki vitabuni. Mhasibu anayehakiki hesabu za mwaka hulichambua faili hilo akitafuta mambo matatu: mali iligharimu kiasi gani, inachakaa kwa asilimia ngapi, na kama imekwishaondoka, iliondoka lini.

Mambo mawili ya kwanza yana safu zake. La tatu mara nyingi halina safu yoyote. Liko kwenye maandishi madogo pembeni, au kwenye rangi nyekundu ambayo karani aliipaka mstari mzima bila kueleza maana yake, au halipo kabisa.

Kwenye gharama, kinachotakiwa ni bei ya awali pamoja na yote yaliyotumika kuifikisha mali mahali pake ikiwa tayari kufanya kazi: ushuru wa forodha, usafirishaji, ufungaji. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 16, kinachojulikana kama IAS 16, hakiruhusu kuongeza humo gharama za kuwafundisha wafanyakazi kuitumia mashine. Hatari kubwa katika kuchambua lakini ni ya kawaida zaidi. Jedwali huwa na mistari ya jumla ndogo baada ya kila kundi, “Jumla ya magari”, “Jumla ya samani”, na anayenakili safu nzima huzibeba jumla hizo kana kwamba nazo ni mali. Namna ya kujua ni rahisi: jumla ya gharama zilizochambuliwa ilinganishwe na salio la akaunti ya mali hizo kwenye leja kuu. Ikizidi mara mbili kamili, jibu limepatikana papo hapo.

Kiwango cha uchakavu kinahitaji kushukiwa zaidi, kwa sababu asilimia iliyoandikwa juu ya safu si lazima iwe ndiyo iliyotumika. Dawa yake ni kugawa. Tuseme jenereta lilinunuliwa kwa shilingi milioni 30, na mwaka huu wa tatu uchakavu wake ni shilingi 3,840,000. Ukigawa kwa gharama unapata asilimia 12.8, kiwango ambacho hakuna mtu mwenye akili timamu angekichagua. Ukigawa kwa thamani iliyokuwapo mwanzoni mwa mwaka, shilingi 19,200,000, unapata asilimia 20 kamili. Kumbe jenereta hilo linachakazwa kwenye thamani inayobaki, si kwa kiasi kilekile kila mwaka. Kama sera ya kampuni inasema kiasi sawa, hapo pana swali la kuuliza.

Tanzania kuna mtego mwingine hapa. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 ina viwango vyake: kompyuta na magari madogo asilimia 37.5, malori na mitambo mingi asilimia 25, samani za ofisi asilimia 12.5. Hivyo ni vya kukokotoa kodi. Kitabuni, IAS 16 inataka kiwango kitokane na muda ambao kampuni yenyewe inatarajia kuitumia mali. Mhasibu akikuta 37.5 kwenye safu ya magari, aulize kwanza ni jedwali gani aliloletewa. La kodi huweka mali katika makundi, kwa hiyo hata tarehe ya kuuzwa kwa gari moja moja haitegemewi kuonekana humo.

Tukija kwenye tarehe, tuchukue mfano wa pikapu ya msambazaji wa vifaa vya ujenzi. Ilinunuliwa tarehe 1 Aprili 2021 kwa shilingi milioni 48, na inachakaa asilimia 25 ya gharama kila mwaka, yaani milioni 12, sawa na milioni 1 kwa mwezi. Mwaka 2021 ilichakaa miezi 9, kisha miaka miwili kamili. Kufikia mwisho wa 2023 uchakavu uliolimbikizwa ni milioni 33. Tarehe 31 Agosti 2024 ikauzwa kwa shilingi 9,500,000.

Jedwali la 31 Desemba 2024 linaionyesha pikapu bado ipo. Limeitoza milioni 12 za mwaka mzima, na thamani iliyobaki ni milioni 3. Fedha za mauzo nazo zimeingizwa zote kwenye mapato mengineyo, kwa sababu aliyepokea hela na anayetunza jedwali ni watu wawili, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Hesabu sahihi inakwenda hivi. Mwaka 2024 pikapu ilichakaa miezi 8 tu, milioni 8. Uchakavu wote ni milioni 41, kwa hiyo siku ya kuuzwa thamani yake vitabuni ilikuwa milioni 7. Faida ya kuuza ni milioni 2.5, si 9.5. Uchakavu wa mwaka unapungua kwa milioni 4, mapato mengineyo yanapungua kwa milioni 7, na faida ya kampuni inashuka kwa milioni 3. Hizo milioni 3 ndizo zilezile zilizokuwa zimesimama kwenye mizania kwa jina la gari ambalo sasa linabeba mchele wa mtu mwingine.

Hata pale tarehe ilipoandikwa, kompyuta inaweza kuipindua. 03/04/2021 ni 3 Aprili kwa aliyeiandika, lakini Excel iliyopangwa kwa mtindo wa Kimarekani huisoma 4 Machi. Dalili yake haijifichi: tarehe ambazo siku yake imezidi 12, kama 25/08/2024, hukataa kugeuka na hubaki maandishi matupu, zikikaa upande wa kushoto wa kisanduku wakati nyingine ziko kulia. Kama tarehe ziko safu ya F, fomula hii hujibu TRUE kwa tarehe ya kweli na FALSE kwa maandishi:

```
=ISNUMBER(F14)
```

Zikitokea FALSE chache katikati ya TRUE, si hizo chache tu zinazohitaji kurekebishwa. Zile zilizokubali ndizo zilizopinduliwa kimyakimya, na zote zirudiwe kutoka kwenye ankara.

Tarehe ya kuondoka yenyewe hutoka kwenye hati, si kwenye kumbukumbu za karani. IAS 16 inaangalia siku mnunuzi alipopata mamlaka juu ya mali. Pikapu ikikabidhiwa pamoja na kadi yake tarehe 31 Agosti, malipo ya mwisho yakaingia benki Oktoba, ya Agosti ndiyo inayohesabiwa. Kampuni nyingine zina sera ya kutotoza uchakavu wowote katika mwezi wa kuuza. Hapo pikapu yetu ingetozwa miezi 7, na mhasibu anapaswa kuisoma sera hiyo kabla ya kumsahihisha mwenzake.

Kwa mali ambazo hazina hati yoyote, orodha ya bima husaidia kuliko watu wanavyodhani. Gari lililo kwenye jedwali lakini halimo kwenye bima ya mwaka huu, wala halina risiti hata moja ya mafuta tangu Septemba, linastahili kutafutwa uani kwa macho kabla ya kutozwa uchakavu wa mwezi mwingine.