Jaribio la Maeneo Yaliyolinganishwa katika Kupima Ongezeko la Mauzo Litokanalo na Tangazo: Kutoka Mtambo wa Dodoma hadi Jang'ombe, Unguja

1.0 Utangulizi

Mfanyabiashara anapobandika mabango mapya na kupitisha gari la matangazo mitaani, kisha akaona mauzo yamepanda, huwa mwepesi wa kuamini kwamba tangazo ndilo lililoyapandisha. Hata hivyo, mauzo hupanda kwa sababu nyingi: mishahara imetoka, Ramadhani imekaribia, wageni wameongezeka mahotelini, au mshindani amekosa bidhaa. Swali la msingi ni hili: kama tangazo lisingalikuwapo, mauzo yangalikuwa kiasi gani katika kipindi hichohicho? Jibu la swali hilo haliwezi kuonekana moja kwa moja, kwa kuwa eneo moja haliwezi kutangaziwa na kutotangaziwa kwa wakati mmoja.

Jaribio la maeneo yaliyolinganishwa hutafuta jibu hilo kwa kutumia eneo jingine. Maeneo mawili ambayo mauzo yake yamekuwa yakipanda na kushuka pamoja huteuliwa. Moja hutangaziwa na la pili huachwa kama lilivyo. Mwenendo wa eneo lililoachwa ndio hutumika kukadiria kile ambacho kingalitokea katika eneo lililotangaziwa. Makala haya yanafafanua njia hiyo kwa kujikita katika suala moja, yaani ukubwa wa eneo linalofaa kuwa kizio cha jaribio. Mfano wa kihistoria umechukuliwa Tanzania Bara, na tatizo linalochunguzwa ni la Jang'ombe, mtaa wa upande wa Ng'ambo katika Wilaya ya Mjini, Unguja.

2.0 Mtambo wa Dodoma, 1993 hadi 1997

Mfano unaofahamika zaidi wa jaribio la aina hii katika Afrika Mashariki haukuhusu bidhaa ya dukani. Mwezi Julai 1993, Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa redio wa Twende na Wakati, uliokusudiwa kuhamasisha uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI. Ili athari yake iweze kupimwa, mtambo wa Dodoma haukurusha mchezo huo hadi mwaka 1995; wasikilizaji wake walipata vipindi vingine katika muda huo. Watafiti, wakiwamo Everett Rogers, Peter Vaughan na Ramadhan Swalehe, walifanya tafiti za kaya kila mwaka katika eneo la matangazo na katika eneo la Dodoma, na pia walitumia taarifa za wateja wapya katika kliniki za uzazi wa mpango. Mwaka 1995 Dodoma nayo ikaanza kuupata mchezo, na ufuatiliaji ukaendelea hadi 1997.

Usanifu huo una mambo mawili ya kuzingatiwa. La kwanza ni kwamba mipaka ya jaribio ilifuata njia ambayo ujumbe ulisafiri. Redio husafiri kwa mtambo, na kwa hiyo eneo la ulinganisho lilikuwa eneo la mtambo. La pili ni kule kugeuza nafasi mwaka 1995. Kama tofauti baina ya maeneo ingalitokana na hali ya kudumu ya Dodoma, kama vile ukame au umbali wa huduma, kuanza kwa mchezo huko kusingaliambatana na mabadiliko. Utumiaji wa uzazi wa mpango uliongezeka zaidi katika eneo la matangazo katika miaka miwili ya mwanzo, kisha ukaongezeka Dodoma baada ya mchezo kuanza kusikika huko. Mfuatano huo ni ushahidi wenye nguvu kuliko ulinganisho wa mara moja.

Udhaifu wake unatokana na chanzo hichohicho. Maelfu ya watu walihojiwa, lakini eneo la ulinganisho lilikuwa moja tu. Tukio lolote lililoigusa Dodoma pekee lingaligusa kundi zima la ulinganisho kwa pamoja, na kuongeza idadi ya wahojiwa kusingaliondoa kasoro hiyo. Katika jaribio la maeneo, kinachohesabiwa ni maeneo, si watu waliomo ndani yake.

3.0 Kwa nini Jang'ombe haifai kuwa kizio peke yake

Tuchukulie kwamba wakala wa sabuni ya unga anataka kujua iwapo mabango na gari la matangazo vinaongeza mauzo Jang'ombe. Wazo linalomjia mtu haraka ni kutangaza Jang'ombe, kuacha mtaa mwingine wa Wilaya ya Mjini, kisha kulinganisha maduka ya pande mbili. Mabango, tofauti na redio inayosikika kisiwa kizima, yanaweza kufungwa ndani ya mtaa mmoja. Mnunuzi, hata hivyo, hafungwi. Mkaazi wa Jang'ombe huliona bango karibu na nyumbani, akanunua sabuni sokoni Darajani au Mwanakwerekwe. Tangazo linaonekana mahali pamoja na mauzo yanaandikwa mahali pengine.

Madhara ya mvujo huo ni makubwa kuliko yanavyodhaniwa. Chukulia kwamba tangazo limeleta ongezeko la katoni 100, na kwamba 60 kati yake zimeuzwa Jang'ombe na 40 zimeuzwa katika eneo la ulinganisho lenye mauzo ya kawaida yanayolingana na ya Jang'ombe. Mpimaji ataona eneo la jaribio limepanda kwa 60 na eneo la ulinganisho kwa 40, na tofauti atakayoiripoti ni 20. Mvujo umeondoa upande mmoja na kuongeza upande wa pili, hivyo kosa limehesabiwa mara mbili. Tangazo lililofanikiwa litahukumiwa kuwa limeshindwa.

Dawa ya kwanza ni kupanua kizio hadi kimkusanye mnunuzi pamoja na soko lake. Kwa upande wa mjini, upanuzi huo hauna mwisho mzuri. Wakaazi wa Wilaya ya Mjini, Magharibi A na Magharibi B hutumia masoko yaleyale, na kizio kinachowakusanya wote ni Mkoa wa Mjini Magharibi. Kwa sensa ya 2022, mkoa huo ulikuwa na watu 893,169 kati ya watu 1,889,773 wa Zanzibar nzima, yaani karibu nusu. Hakuna eneo jingine visiwani linaloweza kuwa pacha wake.

Dawa ya pili ni kubadilisha kinachoandikwa. Badala ya kurekodi duka lilipo, muuzaji wa Darajani na Mwanakwerekwe anaweza kumuuliza mnunuzi anaishi shehia gani, na mauzo yakahesabiwa kwa makaazi ya mnunuzi. Swali hilo ni bora kuliko kumuuliza kama ameliona tangazo, kwa sababu mtu huweza kusahau alikoliona bango lakini hasahau anakoishi. Gharama yake ni kazi ya ziada kwa muuzaji, na maswali yataachwa pale duka linapojaa. Ishara ya kasoro hiyo ni kuongezeka kwa mauzo yasiyo na shehia katika saa na siku zenye wateja wengi. Yakifikia sehemu kubwa ya mauzo yote, ulinganisho wa shehia hauaminiki tena.

4.0 Mfano wa ukokotoaji

Pale ambapo mvujo ni mdogo, wilaya nzima inaweza kuwa kizio. Wete na Chake Chake zinafaa kufikiriwa kuwa jozi: zote ziko Pemba, zote zina mji, na mifuko ya watu wake huguswa na msimu uleule wa karafuu. Kuilinganisha Wete na Wilaya ya Kusini Unguja wakati wa mavuno kungeingiza fedha za karafuu ndani ya kile kinachoitwa athari ya tangazo. Jozi ikishapatikana, wilaya ya kutangaziwa huchaguliwa kwa kura. Wakala akiachiwa achague, atachagua penye muuzaji hodari, na uhodari huo utahesabiwa kuwa kazi ya tangazo.

Takwimu zifuatazo ni za kubuni kwa ajili ya hesabu tu. Katika wiki 8 kabla ya tangazo, Wete iliuza wastani wa katoni 400 kwa wiki na Chake Chake 500. Katika wiki 6 za tangazo, Wete iliuza wastani wa 460 na Chake Chake 525. Chake Chake, isiyotangaziwa, imepanda kwa asilimia 5. Kwa hiyo Wete ingetarajiwa kufika 420 hata bila tangazo, na ongezeko halisi ni katoni 40 kwa wiki, wala si 60.

Tofauti hiyo hugeuza uamuzi. Iwapo faida ya kila katoni ni shilingi 4,000 na tangazo limegharimu shilingi 1,200,000, hesabu ya katoni 60 kwa wiki 6 inatoa faida ya shilingi 1,440,000, na tangazo linaonekana limeleta ziada ya shilingi 240,000. Hesabu ya katoni 40 inatoa shilingi 960,000, yaani hasara ya shilingi 240,000 katika kipindi hicho. Mauzo ya wiki chache baada ya tangazo kusimama nayo yapimwe, kwani wanunuzi wanaweza kuendelea kununua, au kinyume chake, wakawa wameweka akiba ya sabuni nyumbani na kupunguza manunuzi.

5.0 Kupima uthabiti wa matokeo

Ongezeko la katoni 40 juu ya 420 ni takribani asilimia 9.5. Kabla ya kulikubali, hesabu ileile hurudiwa katika vipindi vya nyuma ambavyo havikuwa na tangazo lolote. Tuseme kumbukumbu za miaka miwili na miezi michache zimetoa vipindi 8 vya wiki 14 visivyoingiliana, na matokeo yake ya uongo yamekuwa kati ya asilimia 6 chini na asilimia 7 juu. Asilimia 9.5 imezidi yote, lakini ni kipindi kimoja kati ya 9. Bahati pekee ingeweza kukiweka juu ya vingine kwa uwezekano wa karibu asilimia 11. Aidha, jaribio hilo tupu linafundisha jambo linalopaswa kujulikana mapema: jozi hii haiwezi kutambua tangazo linaloongeza mauzo kwa asilimia 5, hata kama ongezeko hilo ni la kweli.

Kuongeza jozi husaidia, lakini visiwa vina ukomo. Zanzibar ina wilaya 11, nazo hutoa jozi zisizozidi 5. Kura ndani ya jozi 5 inaweza kuangukia katika mipangilio 32, hivyo hata jozi zote zikielekea upande mmoja, uwezekano wa bahati haushuki chini ya 1 kwa 32. Tena jozi hizo 5 zingelazimika kuingiza wilaya za mjini, ambazo zimekwishaonekana kuvujiana wanunuzi.

6.0 Hitimisho

Uchaguzi wa kizio ni mapatano baina ya mahitaji mawili yanayovutana. Shehia ni nyingi na huongeza uthabiti wa hesabu, lakini wanunuzi wake huvuka mipaka. Wilaya huwashika wanunuzi wake vizuri zaidi, lakini ni chache. Katika Twende na Wakati, mtambo ulitatua hitaji la kwanza, na kugeuza nafasi mwaka 1995 kulipunguza uzito wa la pili. Kwa Jang'ombe, ambako hakuna mpaka wa aina hiyo, ushahidi unaofaa kukubaliwa ni ule unaohesabu mauzo kwa makaazi ya mnunuzi na kueleza, kabla ya tangazo kuanza, kiwango cha chini cha ongezeko ambacho jaribio linaweza kulitambua. Ripoti isiyotaja kiwango hicho haiwezi kutofautisha tangazo lisilofanya kazi na jaribio lisiloona.