Kanuni Iliyojificha Kwenye Picha

Mwaka 1938 mwanasaikolojia wa Uingereza, John C. Raven, alichapisha mtihani ambao maswali yake hayakuwa na maneno. Kila swali lilikuwa picha yenye pengo, na chini yake vipande sita au vinane vya kuchagulia kile kinachoziba pengo hilo. Raven alitaka kupima namna mtu anavyofikiri bila lugha kumwekea kizuizi. Mtihani wake wa kawaida una maswali 60, na picha za mtindo huo ndizo zinazowakuta leo vijana wengi kwenye usaili wa kazi, mara nyingi zikiandamana na mifuatano ya namba.

Tuanze na namba, kwa kuwa ndizo nyepesi zaidi kuelezea. Chukua mfuatano huu: 2, 5, 10, 17, 26. Namba gani inafuata? Ukizikodolea macho zenyewe hazikuambii kitu. Andika chini yake tofauti kati ya kila namba na jirani yake, utapata 3, 5, 7, 9. Hapo mambo yanajitokeza: tofauti zinaongezeka kwa mbili kila hatua, basi inayofuata ni 11, na jibu ni 37. Kama safu ya kwanza ya tofauti nayo haieleweki, tafuta tofauti za hizo tofauti. Namba zikikua kwa kasi kubwa, jaribu kugawanya badala ya kutoa, maana huenda kinachotumika ni kuzidisha.

Kuna mifuatano inayopanda na kushuka, kwa mfano 3, 8, 6, 11, 9, 14. Namba zikiyumba hivi, shuku kwamba ni mifuatano miwili iliyosukwa pamoja. Soma ya kwanza, ya tatu na ya tano: 3, 6, 9. Kisha soma zilizobaki: 8, 11, 14. Kila mmoja unapanda kwa tatu, kwa hiyo inayofuata ni 12. Mwingine atasema kanuni ni kuongeza tano kisha kupunguza mbili, naye atafika kwenye 12 ile ile. Wote wawili wako sahihi.

Lakini si kila mara njia mbili hukutana. Watu wengi wakiona 1, 2, 4, 8, 16 wanaandika 32 bila kusita, kwa sababu kila namba ni mara mbili ya iliyotangulia. Sasa chora duara, weka nukta kwenye mzingo wake, na uunganishe kila nukta na kila nyingine kwa mstari ulionyooka, ukihakikisha mistari mitatu haikutani mahali pamoja ndani ya duara. Hesabu vipande vilivyopatikana. Nukta moja inaacha kipande kimoja, nukta mbili vipande 2, tatu 4, nne 8, tano 16. Nukta sita zinatoa vipande 31. Hisabati, basi, haikulazimishi kuandika 32. Mtunga swali anachokuomba ni kanuni fupi kuliko zote inayoeleza kila kitu kilicho mbele yako, na kwenye mtihani, pasipo duara wala nukta, kanuni hiyo ni ya kuzidisha kwa mbili.

Sharti hilo la kueleza kila kitu ndilo linalosahaulika kwenye picha, na hapo ndipo alama nyingi zinapopotea. Tuchukue fumbo moja tulitatue lote. Ni visanduku tisa, vitatu kwa vitatu, na cha mwisho chini kulia ni kitupu. Kila kisanduku kina umbo la nje, mstari au mistari ndani ya umbo, na nukta juu yake.

Safu ya kwanza: duara lenye mstari wima na nukta 1, mraba wenye mstari mlalo na nukta 2, pembetatu yenye msalaba na nukta 3. Safu ya pili: mraba wenye msalaba na nukta 2, pembetatu yenye mstari wima na nukta 3, duara lenye mstari mlalo na nukta 4. Safu ya tatu: pembetatu yenye mstari mlalo na nukta 3; duara lenye msalaba na nukta 4; kisha pengo.

Anayeitazama picha nzima kwa pamoja anachanganyikiwa. Itenge sehemu kwa sehemu, na ufuate sehemu moja tu huku ukizisahau nyingine. Nukta kwanza: kila safu inaongezeka kwa moja kutoka kushoto kwenda kulia, hivyo pengo linataka nukta 5. Umbo la nje: kila safu ina duara, mraba na pembetatu, kila kimoja mara moja. Safu ya tatu inakosa mraba.

Imebaki mistari, na hapa mtego umetegwa. Katika safu ya kwanza, wima ukijumlishwa na mlalo unatoa msalaba. Mtu anafurahi, anashika kanuni ya kujumlisha, anairukia safu ya tatu: mlalo na msalaba, jibu ni msalaba. Mtunga swali alilijua hilo, na mraba wenye msalaba na nukta 5 umo kwenye machaguo ukimngoja. Laiti mtu huyo angepita safu ya pili! Pale msalaba na wima vinatoa mlalo, si msalaba. Kujumlisha kumeshindwa. Kanuni inayosimama ni kwamba mstari uliomo katika visanduku vyote viwili unafutika, na ule uliomo katika kimoja tu unabaki. Kwenye safu ya tatu mlalo unafutika, wima unabaki. Jibu ni mraba wenye mstari wima na nukta 5. Ukitaka uhakika zaidi, shuka safu wima ya kulia: msalaba, mlalo, wima. Inakubali.

Mwaka 1990 watafiti Patricia Carpenter, Marcel Just na Peter Shell walichambua maswali ya Raven wakaona kwamba kanuni zake ni chache na zinajirudia: kitu kubaki vilevile, kuongezeka hatua kwa hatua, kujumlishwa au kutolewa, na vitu vitatu kugawanywa kila safu. Ugumu ulitokana zaidi na idadi ya kanuni ambazo mtu alitakiwa kuzishika akilini kwa wakati mmoja. Ndiyo maana karatasi ya rafu inasaidia sana. Andika "nukta 5, mraba, wima", kisha yafute machaguo moja baada ya jingine.

Je, Raven alifanikiwa kuiweka elimu kando? Huko Embu, Kenya, watoto wa vijijini walipimwa kwa toleo la rangi la mtihani wake mwaka 1984, na watoto wa umri kama wao wakapimwa tena mwaka 1998. Wa pili walipata alama za juu zaidi kwa tofauti kubwa. Miaka 14 haitoshi kubadili akili ya kuzaliwa ya jamii. Watafiti walitaja wazazi kujua zaidi kusoma, familia kuwa ndogo, na lishe na afya ya watoto kuwa bora.

Kwa hiyo alama za mafumbo haya zinabeba pia mazingira aliyokulia mtu, na mazoea ya kukutana nayo. Mwajiri anayewapanga waombaji wa kazi kwa mtihani huu awape wote, siku kadhaa kabla, mifano ya maswali pamoja na majibu yaliyoelezwa. Asipofanya hivyo, anawachagua waliowahi kuyaona mafumbo haya na kuwaacha walioyaona kwa mara ya kwanza asubuhi ile ya usaili.