Posti 13 kwa Dakika Moja

Shemeji yangu anauza leso Mombasa. Picha za mzigo mpya anazipanga kila Jumatatu, na programu niliyomwandikia huziposti yenyewe mara tano kwa siku: saa tatu asubuhi, saa tano, saa saba, saa tisa na saa kumi na moja jioni. Programu inakaa kwenye kompyuta ya dukani. Ijumaa moja umeme ulikatika mtaani saa nne asubuhi, ukarudi Jumapili saa kumi jioni. Kompyuta ilipowaka, zilitoka posti 13 ndani ya dakika moja, zote zikimalizia na kiungo kilekile cha kuagiza. Usiku huo akanipigia simu. “Shemeji, ukurasa wangu umezuiwa. Wanasema natuma spamu.” Kwa siku tatu hakuweza kuposti kitu.

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa kwenye mstari mmoja. Kila dakika programu ilijiuliza: ni posti zipi saa yake imepita na bado hazijatumwa? Zote ilizozipata ilizituma. Mtandao ukiwa mzima swali hilo hurudisha posti moja tu, kwa hiyo kasoro haionekani. Siku foleni ikilundikana, kila iliyochelewa hujiona ina haki ya kutoka sasa hivi. Ratiba nzuri haikusaidia, maana ratiba husema posti itoke lini, lakini haisemi ni nini kisitokee.

Mtu anaweza kudhani inatosha kusoma viwango vya mitandao yenyewe. Viwango vipo. Threads huruhusu programu kuposti mara 250 kwa saa 24. X nayo ina kikomo cha posti kwa siku, tena imekigawa kwa vipande vya nusu saa. Bluesky inahesabu kwa pointi: kila posti mpya ni pointi 3, na akaunti ina pointi 35,000 za siku. Posti zetu 13 hazikukaribia hata kimoja cha viwango hivyo. Ni dari zilizowekwa ili seva zisielemewe, na spamu hupimwa kwa kipimo kingine. Meta, wenye Facebook na Instagram, wameandika katika masharti yao kwamba kuposti kwa kasi kubwa mno, kwa mkono au kwa programu, ni spamu, wala hawakutaja namba. X nayo inakataza kumwaga maudhui yanayojirudia. Kwa hiyo namba ya kufuata lazima uiweke mwenyewe, na iwe chini sana ya dari. Mimi naianzia kwa mteja: ni posti ngapi za duka moja mtu atazivumilia kwa siku kabla hajaacha kulifuata?

Tulikubaliana posti tano kwa siku, na dakika 90 angalau kati ya moja na nyingine. Jambo la kwanza nililobadilisha ni pahali pa kukagua. Awali nilifikiria kukagua shemeji anapopanga picha zake Jumatatu. Lakini siku hiyo ratiba huwa safi kabisa, mlundikano huja baadaye. Kwa hiyo ukaguzi umewekwa mlangoni, sekunde chache kabla ya posti kutoka, na hauangalii saa iliyopangwa. Unaangalia saa ambazo posti zilitoka kweli:

```sql
SELECT COUNT(*), MAX(iliyotumwa)
FROM posti
WHERE akaunti = 7
  AND iliyotumwa > NOW() - INTERVAL '24 hours';
```

Idadi ikiwa imefika kikomo, hakuna kinachotoka. Na ikiwa posti ya mwisho haijatimiza dakika 90, hakuna kinachotoka pia. Yakipita yote mawili, programu huchukua posti moja tu kwa akaunti hiyo, iliyotangulia kwenye foleni, kisha husubiri.

Utaona kwamba nimehesabu saa 24 zilizopita, sikuhesabu tangu usiku wa manane. Kikomo kinachoanza upya usiku wa manane kinaruhusu posti tano kabla ya saa sita usiku na tano nyingine mara tu baada yake. Nafasi ya dakika 90 ingepunguza madhara, ila si vizuri ulinzi mmoja utegemee mwingine. Isitoshe, seva nyingi hufuata saa ya dunia, na siku yao inaanza kwetu saa tisa usiku.

Wiki chache baadaye umeme ulikatika tena, safari hii kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Posti ya saa tatu ilikuwa imeshatoka. Zilizochelewa ni za saa tano, saa saba na saa tisa. Ile ya saa saba ilitangaza punguzo lililoisha saa nane mchana, na kwa kuwa sasa kila posti ina saa ya kuisha muda wake, programu iliitupa. Ya saa tano ikatoka saa kumi. Ya saa tisa ikatoka saa kumi na moja na nusu. Ya saa kumi na moja ikasukumwa hadi saa moja usiku. Nilifurahi sana.

Kesho yake furaha ilikatika. Posti ya saa saba mchana haikutoka hadi saa kumi, na zilizofuata zikatoka saa kumi na moja na nusu na saa moja usiku. Keshokutwa ikawa vilevile, na siku iliyofuata. Umeme upo, mtandao upo, na ratiba imekwama kwenye umbo la siku ya giza. Nilipozihesabu kwa kalamu nikaelewa. Saa saba mchana, saa 24 zilizopita zilikuwa na posti tano tayari: tatu za jioni ya jana na mbili za asubuhi. Kikomo kimejaa mpaka ile ya saa kumi itimize siku. Nayo mpya ikitoka saa kumi, inaipa kesho tatizo lilelile, bila mwisho. Kikomo changu kilikuwa sawasawa na ratiba, hakikuacha pengo la kupokea uchelewaji. Nilikipandisha hadi saba, ratiba ikabaki tano, na siku iliyofuata kila posti ikatoka kwa saa yake.

Mlango mwingine wa hatari ni kurudia. Programu ikituma posti na jibu lisirudi, haijui kama imepokelewa, na ikituma tena huenda picha moja ikaonekana mara mbili. Mastodon wamelitatua vizuri: ukiambatisha `Idempotency-Key` ileile, ombi la pili halitengenezi posti mpya. Pasipo na kitu kama hicho, mimi naihesabu posti kuwa imetoka mpaka mtu aangalie ukurasa. Heri kukosa moja. Na jibu likiwa 429, yaani umeomba kupita kiasi, soma `Retry-After` na usubiri muda iliotaja. Kugonga tena kila sekunde kunaongeza makosa juu ya kosa.

Rafiki wa kazini alinishauri nichanganye dakika ovyoovyo ili posti zionekane zimetoka mkononi mwa mtu. Nilikataa. Wateja wa shemeji wanajua kuna programu, na kikomo nimekiweka ili isiwasumbue, si ili ijifiche.

Kilichobaki ni simu ya shemeji mwenyewe. Leso nzuri ikiingia ghafla, huipiga picha na kuiposti papo hapo, na hesabu yangu haioni chochote. Mwezi huu nimeongeza hatua ya kusoma orodha ya posti za ukurasa kabla ya kutuma, ili za mkononi nazo ziingie kwenye zile saba.