Kasha Lililogoma

Kasha la mbao lenye vipuri, uzito wake kilo 80, limekaa katikati ya ghala. Kijana mmoja analisukuma kwa nguvu ileile ambayo angetumia kuinua mzigo wa kilo 30. Je, litakwenda?

Swali la aina hii halikosekani katika fizikia ya sekondari, na linawaangusha hata wenye hesabu nzuri. Wanatafuta jibu katika uzito wa kasha na nguvu ya kijana, wakisahau kuuliza kasha lilikuwa likifanya nini kabla halijaguswa. Kama lilikuwa limetulia, kilo 30 zinaweza kuwa kazi bure. Kama lilikuwa tayari linateleza, kilo hizohizo zinaliongezea kasi.

Namba za kujibia zinapatikana kwa mizani ya ndoana, ile ya kupimia magunia. Ndoana inanaswa kwenye kamba iliyofungwa chini ya kasha, kisha mizani inavutwa polepole, sambamba na sakafu. Mshale unapanda: 10, 20, 30, 35, na kasha liko palepale. Ukikaribia 40, kasha linachomoka ghafla na mshale unaporomoka. Mvutaji akiendelea kulivuta kwa mwendo usiobadilika, mshale unatulia kwenye 24 hivi. Tuseme hizo ndizo namba za kasha hili na sakafu hii. Ghala lenye sakafu nyingine litatoa nyingine. Darasani nguvu hupimwa kwa nyutoni, na kilo moja inayosomwa kwenye mizani ni takribani nyutoni 10.

Kwa hiyo kasha moja lina namba mbili. Ile ya 40 ni kikomo cha msuguano tuli, yaani msuguano wa vitu viwili vilivyogusana bila kuteleza. Ile ya 24 ni msuguano mwendo, unaokuwapo wakati kasha linateleza.

Hapo kwenye neno "kikomo" ndipo wengi wanapojikwaa. Msuguano tuli hauna kiasi kimoja. Kijana akisukuma kwa kilo 5, sakafu inamrudishia 5. Akisukuma kwa 30, inarudisha 30, na akiacha kusukuma hairudishi chochote. Mwanafunzi anayeandika kwamba msuguano ni 40 wakati kijana anasukuma kwa 30 amesema, bila kukusudia, kwamba zimebaki kilo 10 za kulirudisha kasha nyuma likamkanyage kijana vidole. Hakuna kasha lililowahi kufanya hivyo.

Kosa la pili limejificha zaidi kwa sababu hesabu yake inapendeza. Mwanafunzi anachukua namba ya msuguano mwendo, anatoa 24 katika 30, anabaki na 6, ambazo ni nyutoni 60. Anagawanya kwa 80 na kutangaza kwamba kasha linaongeza kasi ya mita 0.75 kwa sekunde katika kila sekunde. Hesabu ni sahihi, ila ni ya kasha linaloteleza tayari. Lililotulia linadai 40 kwanza, na 30 haifiki.

Utaratibu wa kufuata ni mfupi. Kama kasha limetulia, nguvu ya kusukuma inalinganishwa na kikomo cha msuguano tuli, basi. Ikiwa chini ya kikomo, kasha haliendi, na msuguano ni sawasawa na nguvu ya msukumaji. Ikizidi kikomo, namba ya 40 inawekwa kando na hesabu ya mwendo inafanywa kwa 24.

Sasa aje kijana wa pili, mwenye uwezo wa kilo 15. Wakisukuma kwa zamu, huyu kisha yule, kasha halitikisiki hata kutwa nzima. Wakihesabu moja, mbili, tatu na kusukuma kwa pamoja, wana 45 na kasha linachomoka. Papo hapo msuguano unashuka hadi 24, na kilo 21 zinabaki za kuliharakisha, kiasi cha mita 2.6 kwa sekunde katika kila sekunde. Ndiyo maana wasukumaji wengi hupepesuka wakati huo: miguu yao ilikuwa imejipanga kwa ukuta, na ukuta umeondoka. Likishaanza kwenda, wa pili anaweza kutoka akafungue mlango, kwa kuwa 30 za mwenzake zinatosha na kuzidi. Lakini akichoka na kusimama katikati ya njia, itabidi amwite tena. Kilio cha "usiliache lisimame!" kinachosikika watu wanapohamisha makabati kina hesabu hii ndani yake.

Tofauti ya namba hizi ilichunguzwa kwa makini na Charles-Augustin de Coulomb, mhandisi wa jeshi la Ufaransa, aliyefanya majaribio katika bandari ya Rochefort. Mabaharia na maseremala wa meli walikuwa na sababu ya kutaka kujua: meli inayojengwa nchi kavu lazima iteleze hadi majini. Katika kazi aliyoichapisha mwaka 1785, Coulomb alionyesha pia kwamba mbao zilizokaa zimegusana kwa muda hugoma zaidi kuliko zilizowekwa sasa hivi.

Sababu iko padogo mno. Sakafu na mbao, hata zikionekana laini, zimejaa vilele na mabonde, na hugusana kwenye vilele vichache tu. Uzito wote wa kasha unabebwa na vilele hivyo; vinaminywa, vinapanuka na kushikana. Kasha likitulia, vinapata muda wa kushikana zaidi. Likiteleza, kila mgusano unavunjika kabla haujakomaa.

Bado kuna mtego mmoja, nao hauhusu ukaidi wa sakafu. Mtu mrefu huinama juu ya kasha na kulisukuma mikono ikiwa imeelekea chini. Akitumia kilo 45 kwa mwinamo wa nyuzi 30, ni 39 tu zinazosukuma mbele. Nyingine 22.5 zinalikandamiza kasha sakafuni kana kwamba lina kilo 102.5, na kwa kuwa kikomo chetu ni nusu ya mkandamizo, kinapanda hadi 51. Kasha haliendi, ingawa kwa msukumo wa mlalo kilo 45 zingeliondoa. Afunge kamba na kulivuta kwa nguvu ileile, kamba ikielekea juu kwa nyuzi hizohizo 30, mambo yanageuka: mkandamizo unapungua hadi 57.5, kikomo kinashuka chini ya 29, na 39 za mbele zinalikokota bila shida.

Namba hizi si za kuandikwa ukutani. Vumbi, unyevu, tone la mafuta au msumari uliochomoza chini ya ubao vyote huzibadilisha, na jaribio la mizani likirudiwa mara kadhaa kasha hilohilo linaweza kuchomoka kwenye 38 safari hii na 42 safari ijayo. Anayesukuma kwa 30 anaweza kuambiwa bila wasiwasi kwamba kasha lililotulia halitakwenda, na wenye 45 kwamba litakwenda. Mwenye 40 kamili itabidi ajaribu.