Kuinua Nyumba kwenye Kompyuta: Kutoka Ramani hadi Paa

Ramani ya karatasi humwonyesha mwenye nyumba jinsi vyumba vilivyopangwa. Kinachomponyoka ni mambo ya kimo: dirisha litaanzia wapi, paa litakaaje juu ya ukuta, ukingo wa bati utashuka hadi wapi. Programu kama SketchUp, ambayo ina toleo la bure linalofunguliwa kwenye kivinjari, humwezesha kuyaona hayo kabla hata tofali moja halijanunuliwa. Tuchukue nyumba ya mita 10 kwa 8, yenye kuta za matofali ya sentimita 15 na paa la miteremko miwili.

Anza na sakafu. Bonyeza R, chora mstatili, kisha andika vipimo na ubonyeze Enter:

```
10m,8m
```

Usikisie kwa kipanya; nyumba iliyokisiwa hupendeza machoni, lakini fundi hawezi kuifuata. Bonyeza F, vuta mstari kwenda ndani, andika 0.15m. Sasa unene wa ukuta umeonekana kama utepe unaozunguka sakafu. Kuta za ndani zichore papo hapo kwa mistari miwili iliyoachana sentimita 15, halafu futa vipande vya mistari vinavyokatisha kwenye maungio ili utepe wote uwe kitu kimoja. Bonyeza P, shika utepe huo, uvute juu na uandike 3m. Kuta zote zitainuka kwa pamoja. Kama sehemu fulani ya utepe haikupata rangi ya uso, mahali fulani kuna mstari ambao haujafunga, na sehemu hiyo haitainuka.

Kabla ya kuongeza chochote, bofya ukuta mara tatu ili kuchagua kila kilichoungana nao, kisha bofya kitufe cha kulia na uchague Make Group. Katika SketchUp, nyuso zinazogusana hushikana: paa likichorwa juu ya kuta zisizofungwa kwenye kundi, ukilisogeza litaziburura na kuta.

Milango na madirisha hukatwa ndani ya kundi hilo, kwa hiyo libofye mara mbili uingie. Dirisha la mita 1.5 kwa 1.2 linaloanzia sentimita 90 kutoka sakafuni litaishia mita 2.1, sawa na kichwa cha mlango, na lenta itapita juu ya yote kwa mstari mmoja. Chora mstatili wa dirisha ukutani, bonyeza P, uusukume ndani kwa 0.15m. Ukifika upande wa pili, uso hutoweka na unaona chumbani. Ukibaki na kishimo chenye ukuta nyuma yake, hukusukuma unene wote. Na kama mstatili haukati kabisa, huenda uliuchora ukiwa nje ya kundi.

Paa ndilo linalohitaji hesabu. Toka kwenye kundi. Tukitaka bati litokeze sentimita 60 kila upande, mstatili wa paa ni mita 11.2 kwa 9.2. Uweke kwenye kimo cha juu ya kuta, mita 3. Unganisha katikati ya pande fupi kwa mstari, uchague mstari huo, bonyeza M, kisha mshale wa juu wa kibodi ili uende wima tu. Kwa mteremko wa nyuzi 25, kila mita moja ya upana hupanda kama sentimita 47, mita 4.6 kutoka ukingoni hadi kileleni hupanda mita 2.15. Andika kipimo hicho, na miteremko miwili itajitokeza.

Sasa angalia nyumba kwa ubavuni. Kati ya paa na ukuta wa mbele kuna mwanya wa sentimita 28, kwa sababu bati lilianza kupanda tangu ukingoni, sentimita 60 kabla ya kuufikia ukuta. Lifanye paa kundi la peke yake, kisha ulishushe kwa 0.28m. Sasa linalalia ukuta, kilele kiko mita 4.87 kutoka sakafuni na ukingo wa bati uko mita 2.72. Ingia tena kwenye kundi la kuta ujaze pembetatu za mwisho wa nyumba, zenye kimo cha mita 1.87.

Vipimo hivi bado havina unene wa mbao za kenchi, na programu haijui udongo wa kiwanja wala uzito ambao msingi utabeba. Hayo mwachie mhandisi. Lakini ukingo wa bati uupime mwenyewe: ukiwa chini ya mita 2.1, vichwa vya milango na madirisha vitafichwa na paa. Punguza mteremko au inua kuta kwenye kompyuta, kabla hujamlipa fundi.